Pawabenki ya 50000mAh kwa Elfu 42: Tunaifungua Bila Kuhariri

(Meza ya mbao, taa moja juu. Mzigo uko katikati, umefungwa nailoni nyeusi, selotepu imezungushwa mpaka umekuwa duara. Kamera kwa karibu. Hakuna muziki.)

DADA: Kabla sijawasalimia, naomba mtu mmoja ashuhudie kitu. Dogo, sogeza kamera kwenye mizani.

(Anaweka mzigo kwenye mizani ya jikoni. Namba zinacheza, zinatulia: 412.)

DADA: Gramu mia nne na kumi na mbili. Hapo kuna nailoni, selotepu, boksi na chochote kilichomo. Ishikeni hiyo namba. Sisemi kwa nini.

(Kichwa cha video kinapita. Muziki mfupi.)

DADA: Haya, wadau wangu, mambo vipi? Wakubwa zangu, shikamooni. Karibuni tena hapa Mbagala, mezani kwangu, tunapofungua mizigo ya mtandaoni kwa hela yetu wenyewe. Narudia, hela yangu. Hakuna aliyenitumia, hakuna aliyenilipa, na jina la duka nimelibandika selotepu kwa sababu leo tunaangalia kitu, hatugombani na mtu.

Tulichoagiza ni pawabenki. Mnajua maisha: umeme unakata saa mbili usiku, simu ina asilimia tisa, na ndo kwanza mteja anasema "nitumie picha nikulipe". Sasa nikaona tangazo. Dogo, weka tangazo kwenye skrini.

(Picha ya tangazo inajaa skrini. Maandishi makubwa mekundu: 50000mAh.)

DADA: Elfu hamsini! Inachaji simu wiki nzima, inachaji haraka, ina tochi, ina skrini ya asilimia. Bei shilingi 42,000, na usafiri juu yake. Nikajiuliza, hii ni bahati au nauziwa mbuzi kwenye gunia? Nikalipa. Wakala wa mizigo akaniambia kwa ndege haiendi, vitu vyenye betri ya lithiamu vina masharti yake, tupandishe melini. Kwa hiyo mzigo umekula wiki zake baharini, umeshuka, nimeuchukua Kariakoo, bodaboda mpaka hapa.

DOGO (nyuma ya kamera): Dada, fungua basi.

DADA: Tulia. Kwanza tuuangalie nje.

(Anauzungusha mzigo taratibu mbele ya kamera.)

DADA: Kona hii imebonyea. Huku chini nailoni imechanika kidogo, lakini selotepu haijafunguliwa na kurudishiwa, ingekuwa na mikunjo na vumbi limenasa kwenye gundi. Hii ni safi. Nautikisa...

(Anautikisa karibu na kipaza sauti. Kimya.)

DADA: Hakuna kinachogonga. Aliyefunga amefunga kwa moyo, hapo nampa haki yake. Sasa kisu. Ukiwa na mzigo wenye betri usichome kisu katikati kama unachinja kuku. Unapitisha juu juu, kwenye ukingo. Lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, na mimi bado naishi kwenye nyumba ya kupanga.

(Anakata ukingo. Nailoni inafunguka. Ndani, plastiki ya vipovu, tabaka juu ya tabaka.)

DADA: Vipovu. Vipovu. Bado vipovu. Dogo, hivi wametuma pawabenki au wametuma hewa?

(Boksi jeupe linatokea. Anasita, analigeuza mgongo kwa kamera.)

DADA: Subiri. Nyie andikeni hapo chini sasa hivi, kabla sijaligeuza: ni elfu hamsini kweli au siyo? Tusiandikie mate na wino upo. Moja. Mbili...

(Analigeuza. Mbele ya boksi: 50000mAh, herufi za dhahabu.)

DADA: Elfu hamsini! Boksi linasema hivyo. Zuri kwa kweli, gumu, kifuniko kinatoka kwa kujivuta. Ndani tuna karatasi ya maelekezo, Kichina upande mmoja na Kichina upande wa pili. Tuna kebo ya taipu-C, hii hapa, ina urefu wa kiganja changu na vidole. Ukichaji na hii simu inabidi ilale juu ya pawabenki, hutaweza hata kuipeleka sikioni. Na tuna mwenyewe.

(Anaitoa. Rangi ya kijivu, kona za mviringo. Kamera inasogea karibu kabisa.)

DADA: Mmh. Ngoja nisiseme haraka.

(Anaipima mkononi, anahamisha mkono huu na huu.)

DADA: Mkononi inakaa vizuri. Plastiki haitelezi, haina ile harufu kali ya kiwandani. Naminya kitufe... inawaka, inaonyesha 61. Betri zikisafirishwa huwa hazijajazwa, kwa hiyo 61 hainipi wasiwasi. Matundu: mawili ya USB ya kawaida, moja la C. Nachomeka, natoa, nachomeka. Limeshika, halichezi. Sasa njoo hapa, Dogo, kwenye mshono.

(Kamera kwenye ubavu. Anapitisha ukucha kwenye mstari unaounganisha vipande viwili. Karibu na tundu la C, ukucha unazama.)

DADA: Mmeona? Upande huu wote umefungana, ukifika hapa ukucha unaingia. Hapo ndipo vumbi na jasho la mfukoni vitapita. Siyo kosa la kuitupa, ila nimeliona na ninyi mmeliona.

Haya. Turudi kwenye mizani.

(Anasukuma boksi pembeni. Anaweka pawabenki peke yake. Mkono wa Dogo unafunika namba.)

DADA: Usiondoe mkono kwanza. Wadau, ona hii.

(Anainua betri ndogo ya duara, yenye ganda la kijani.)

DADA: Hii nimeitoa kwenye betri ya drili mbovu ya fundi. Inaitwa 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Pawabenki nyingi zina hizi ndani. Hii moja ina mAh 2,500 na uzito wake ni gramu 45 hivi. Sasa tupige hesabu ya sokoni. Ukitaka elfu hamsini kwa hizi, unahitaji ngapi?

DOGO: Ishirini.

DADA: Ishirini mara gramu 45?

DOGO: Mia tisa.

DADA: Gramu mia tisa, hapo hujaweka ganda, hujaweka saketi, hujaweka skrini. Karibu kilo! Wengine wanatumia betri bapa, nazo zinapunguza kidogo tu. Na mzigo wangu mzima, na nailoni yake, na vipovu vyake vyote, ulikuwa gramu ngapi?

(Picha ya mwanzo inarudi kwenye kona ya skrini: 412.)

DADA: Toa mkono, Dogo.

(Namba: 231. Dada anaitazama, anaitazama kamera. Haongei kwa sekunde kadhaa.)

DADA: Mia mbili thelathini na moja.

DOGO: Tumepigwa.

DADA: Bado! Uzito peke yake hauhukumu. Kuna mafundi wanajaza mchanga ndani ili kitu kiwe kizito, kwa hiyo hata nzito inaweza kudanganya. Ila nyepesi haiwezi kuficha betri ambazo hazimo. Zima taa, niwashie tochi ya simu.

(Taa inazimwa. Anamulika mgongo wa pawabenki kwa ubavu. Mwanzoni ni kijivu kitupu. Anaukunja mwanga pole pole mpaka herufi ndogo za kijivu zinajitokeza.)

DADA: Kijivu juu ya kijivu. Hizi hazikuwekwa zisomwe. Sogea... sogea... hapo. Naisoma kama ilivyo: "3.7V", halafu "37Wh".

(Anaandika kwenye karatasi kwa kalamu nene mbele ya kamera: 37 ÷ 3.7 = 10.)

DADA: Wh ndiyo nishati yenyewe. Gawanya kwa volti za betri: 37 kwa 3.7, unapata 10. Hizo ni Ah kumi, yaani mAh elfu kumi. Ingekuwa elfu hamsini kweli, hapa pangeandikwa 185Wh, na pawabenki ya hivyo hupandi nayo ndege: mwisho wa kubeba bila kuomba ruhusa ni 100Wh, na ikipita 160 hata ruhusa hupewi. Kwa hiyo boksi linasema elfu hamsini, mgongo unasema elfu kumi, na mizani inakubaliana na mgongo.

(Taa inawashwa.)

DADA: Sasa nisiwe mtu wa kulalamika tu. Tuone kama hiyo elfu kumi inafanya kazi. Hiki ni kipima umeme cha USB, nakiweka katikati ya pawabenki na simu yangu.

(Kipimaji kinawaka. Kamera karibu: 9.02V, 1.61A.)

DADA: Volti tisa, ampea moja nukta sita. Zidisha, wati 14 na ushee. Chaji ya haraka ipo, hapo hawakudanganya, na kusema kweli nilitegemea volti tano tupu. Naigusa... imepata joto kidogo, siyo moto. Tochi, minya mara mbili... ohoo! Hii tochi ni kali. Umeme ukikatika, jikoni unapika na hii.

Maoni yangu ya kwanza, na nasema ya kwanza kwa sababu sijakaa nayo. Ukiichukulia kama pawabenki ya elfu kumi, ni nzuri kiasi. Simu yenye betri ya 5000 itaijaza mara moja na nusu hivi, maana umeme mwingine unapotea njiani kwenye kubadilishwa volti. Wiki nzima ya tangazo, sahau. Mshono siupendi, kebo ni ya kutupa, tochi naipenda. Kwa elfu 42 na usafiri juu yake, Kariakoo ningepata ya elfu kumi inayojiita elfu kumi, nikaijaribu palepale, na muuzaji namjua sura. Kwa hiyo simshauri mtu aagize hii.

DOGO: Na hela yako?

DADA: Hiyo ndo tunaifanya sasa hivi, mbele yao.

(Anashika simu. Maandishi yanaonekana kwenye skrini anapoandika.)

DADA (anasoma): "Habari ndugu. Mzigo nimeupokea salama, asante kwa kuufunga vizuri. Tangazo lenu linasema 50000mAh, mgongoni pameandikwa 37Wh ambayo ni 10000mAh. Nimeambatanisha picha ya tangazo, ya mgongo na ya mizani. Naomba nirudishiwe hela yangu, au tofauti ya bei." Picha tatu hizo. Na tangazo nilishalipiga picha siku niliyolipa, maana matangazo huwa yanafutwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, kwa hiyo asipoelewana na mimi nina pa kwenda nazo.

(Anatuma. Tiki mbili.)

DADA: Imefika. Video ijayo tunaijaza mpaka 100, tunaimaliza mpaka izime yenyewe, kipimaji kikihesabu, tujue hiyo 37Wh nayo ni ya kweli au ni stori. Wewe mwenye ya kwako ndani, igeuze, mulika mgongo kwa ubavu, uniandikie hapo chini umeona Wh ngapi na boksi lilisema nini. Bonyeza kengele. Jibu la muuzaji, likija, nitalibandika kwenye maoni ya juu kabisa, liwe zuri au liwe matusi.

DOGO: Dada, kashaanza kuandika.

DADA: Acha kamera iendelee.