Ombi kuhusu picha yangu ya kwanjula

Walukuba, Jinja
Jumatano jioni

Mpendwa dada Mama Rehema,

Assalamu alaikum. Natumaini mlifika Kampala salama siku ile, pamoja na ule msongamano wa Mukono, na kwamba Rehema amepona mafua yake. Sisi huku hatujambo.

Nakuandikia kuhusu picha ulizoweka Facebook Jumapili, baada ya kwanjula ya mdogo wako kule Iganga. Kwanza nakushukuru, maana wengi wetu tulikuwa jikoni na hatukuona hata nusu ya mambo yaliyofanyika uwanjani. Ile ya baba akijaribishiwa kanzu mpya nimeirudia mara nyingi, nami ningependa kuisafisha studio nimpelekee mama yangu.

Lakini ipo moja, ya kumi na nne ukihesabu kutoka mwanzo, ambayo nakuomba kwa heshima uiondoe. Ni ile niliyoketi mkekani nyuma ya masufuria, mshipi wa gomesi umelegea na kuning'inia ubavuni, jicho moja limefumba na la pili linaelekea kufumba, na paja la kuku limenikaa mdomoni kana kwamba ninagombania na mtu. Najua uliiweka kwa utani, na sikufichi kwamba nilipoiona mara ya kwanza nami nilicheka. Ungeituma katika kundi letu la WhatsApp, ambamo tuko saba tu na tunajuana tangu tukiwa wapangaji wa nyumba moja, ningekuwa wa kwanza kujitania. Tabu ni kwamba umeiweka wazi kwa kila mtu, tena umenitagi kwa jina langu kamili.

Nilijipa moyo kwamba, kwa kuwa Facebook imefungwa hapa nchini tangu Januari 2021, watakaoiona ni wachache. Kumbe kila mwenye VPN yumo. Jumatatu asubuhi, nikiwa dirishani pangu katika chama cha kuweka na kukopa, mzee mmoja aliyekuja kurejesha mkopo aliniuliza, mbele ya foleni nzima, kama yule kuku hatimaye alikubali kuliwa. Watu walicheka, nami nikainama kuhesabu noti zake, nikakosea, nikahesabu tena, nikakosea tena. Unaijua kazi yangu, dada: watu wananikabidhi akiba zao, na wengi wa wanachama hao ni wazee ambao huniita "binti" na kunitazamia niwe na staha. Sikupenda kwenda nyumbani siku ile nikiwa na donge rohoni juu yako, ndiyo maana nimengoja siku mbili kabla ya kuandika.

Tagi nimekwisha kuiondoa mwenyewe, lakini hilo limekata tu kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wangu. Picha bado ipo palepale, na binamu yako anaendelea kuandika jina langu chini yake. Mwenye uwezo wa kuifuta ni wewe uliyeiweka. Huna haja ya kufuta zote: ifungue hiyo moja peke yake, bonyeza zile nukta tatu, kisha uchague kuifuta, na nyingine zitabaki pamoja na pongezi zake. Wale watatu walioisambaza kutoka kwako hawataweza kuionyesha tena ikishaondoka kwako. Kuipunguzia watazamaji ibaki kwa marafiki pekee hakutanisaidia sana, kwa sababu wafanyakazi wenzangu wawili ni marafiki zako humo, na mmoja wao ndiye aliyemwonyesha yule mzee.

Nakuomba pia, ukishaiondoa, usiandike maelezo wala kuniomba radhi hadharani, kwani hapo hata wasioiona watauliza ilikuwaje. Iondoke kimya tu. Kama pengo litakusumbua, nimekutumia WhatsApp ile tuliyopigwa mimi na wewe mlangoni mwa hema kabla ya wageni kuingia, mishipi yetu ikiwa bado imenyooka. Hiyo iweke, na unitagi ukitaka.

Nilifikiria kukupigia simu, lakini najua mchana unakuwa dukani na wateja, na jambo hili sikutaka lizungumzwe kwa spika mbele yao. Ingenifaa sana kama ungeifuta kabla ya Ijumaa, kwa maana Jumamosi tuna mkutano wa wanachama nami ndiye nitakayesoma hesabu.

Sufuria yako kubwa ilibaki kwangu, nimeisugua masizi yote. Nitampa dereva wa teksi wa asubuhi Ijumaa. Mtume kijana akaipokee kituoni, na mfuniko umo ndani yake.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndimi dada yako,
Hadija