Hotuba ya Siku ya Bustani: Fungu la Mtoto Litolewe Kabla ya Gari la Kariakoo

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, wazazi na walezi, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokaa kwenye nyasi. Wazee wangu, shikamooni. Watoto, hamjambo?

Naanza na nyinyi wanafunzi. Nani jana alikula tunda? Tunda lolote, hata pera la njiani. Nyoosheni mikono juu. Haya, shusheni. Sasa nani jana alisaidia kuvuna karoti, kufunga hoho kwenye tenga au kubeba kabichi hadi barabarani? Ahaa! Wazazi, mikono mmeiona wenyewe.

Hapa Lushoto hatuna shida ya mboga. Udongo tunao, ubaridi tunao, na mifereji inatiririka. Jioni magari yanashuka kwa Soni na Mombo yakiwa yamejaa, na alfajiri watu wa Dar es Salaam wanachagua karoti zetu Kariakoo. Biashara hiyo ndiyo inayolipa sare na madaftari, na wala sisimami hapa kuwaambia muiache. Ninachosema ni kwamba mzigo unapofungwa, wa nyumbani anakumbukwa mwisho. Kinachobaki kwa mtoto ni karoti iliyokatika na kabichi iliyotobolewa na wadudu, na siku soko likiwa zuri hata hizo hazibaki. Mtoto anakula ugali na dagaa wachache, au makande matupu, leo na kesho.

Makande si chakula kibaya. Hapa shuleni ndiyo tunayopika, na nawashukuru wazazi mnaoleta mahindi na maharage kwa wakati. (Ambao hamjaleta, mweka hazina amekaa pale chini ya mgrevilea.) Maharage yana madini ya chuma, na mwili unayahitaji kutengeneza damu. Damu ikipungua, mtoto anachoka haraka, anasinzia darasani, na sisi walimu tunamwita mvivu. Lakini chuma kilichomo kwenye maharage na majani ya kijani mwili haukipokei kwa urahisi. Ukila pamoja na chakula chenye vitamini C, kinapokelewa vizuri zaidi. Ukishushia na chai ya rangi, kinapokelewa kidogo. Kwa hiyo, mama, chungwa au pera moja pembeni ya sahani ya makande linafanya kazi kubwa, na chai isubiri kama saa moja hivi. Hili linawahusu zaidi mabinti wa madarasa ya juu waliokwisha kuvunja ungo, maana wao wanapoteza damu kila mwezi.

Nimetaja pera kwa makusudi. Mapera huku yanaanguka yenyewe tukayaacha ndege wale, halafu mtoto anapewa hela akanunue juisi ya pakiti. Gramu kwa gramu, pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa. Ile pakiti yenye picha ya embe mara nyingi ni maji, sukari na rangi, na embe lenyewe kiduchu. Na vitamini C mwili hauiwekei akiba ya muda mrefu, kwa hiyo tunda la Jumapili halimtoshi mtoto mpaka Jumapili nyingine.

Vitamini A nayo ina tabia yake. Ipo kwenye karoti, boga, embe, papai, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, na kwenye majani yetu: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Inalinda macho, hasa kuona giza linapoingia, na inausaidia mwili kupambana na magonjwa. Lakini inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu unapoteza nafasi. Weka kijiko cha mafuta, au unga karanga, au katia parachichi pembeni, na parachichi hapa kwetu hatununui kwa bei ya kutisha. Wale mnaochemsha majani, mkamwaga maji, mkachemsha tena na magadi hadi yalainike kama uji: wazee wangu, nisameheni, mnakula rangi. Osha majani kwanza ndipo ukate, pika kwa maji machache, funika, epua yakiwa bado na kijani chake.

Sasa kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 9 ale angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kuanzia miaka 10, gramu 400. Viazi mviringo na mihogo havihesabiwi humo, maana hivyo ni chakula cha wanga. Msitishwe na gramu. Chungwa moja, karoti moja ya wastani, upawa uliojaa wa mboga za majani mchana na mwingine usiku, hapo mtoto mdogo yupo karibu sana. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho lazima kitoke mjini.

Wanafunzi, najua mnasubiri niwaguse. Wapo humu wanaochambua mchicha kwenye sahani wakausukuma pembeni kama mchanga. Mnavu ni mchungu, ni kweli. Nami sikuwa nikiupenda nilipokuwa na umri wenu. Ulimi hujifunza: onja kidogo leo, onja tena wiki ijayo, usikate tamaa kwa mara ya kwanza. Na wale wanaokaa chooni muda mrefu kila asubuhi (siwataji), nyuzinyuzi za mboga na matunda pamoja na maji ya kutosha ndiyo dawa yenu ya kwanza.

Wazazi, liko jambo moja ambalo wengi mnanong'ona: dawa za kuulia wadudu. Mna haki ya kuogopa. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na zimeandikwa kwenye lebo ya chupa. Kupiga dawa leo na kuchuma kesho ni kumlisha sumu mtoto wako na wa mwenzako wa Dar. Ndiyo maana matuta yetu ya shule tunayatunza kwa samadi na majivu, na wadudu tunawaokota kwa mkono. Mazao ni machache kidogo, lakini watoto wanachuma na kuosha bila wasiwasi. Nyumbani nako, kituta kimoja karibu na jiko kinatosha kuanzia, kinachomwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni.

Ombi langu kwenu ni moja. Siku ya kuvuna, kabla tenga halijafungwa, toeni fungu la nyumbani kwanza, na liwe la karoti nzima, siyo zilizokatika. Kamati imekubali kwamba kuanzia Jumatatu sufuria ya makande itapikwa na mboga za majani kutoka bustanini kila siku zitakapokuwepo, na kila mwanafunzi mwenye tunda nyumbani aje nalo. Asiye nalo atagawiwa na mwenzake. Darasa la Sita watasimamia, na nimewaambia sitaki kusikia ugomvi wa mapera.

Sasa Darasa la Tano watawatembeza kwenye matuta. Waulizeni maswali magumu, wamejiandaa. Kisha mje kwenye meza ile yenye kitambaa cha bluu muonje majani ya maboga ya karanga waliyopika wenyewe. Miche ya mchicha, mnavu na mipapai ipo karibu na lango, na kila familia ichukue kabla jua halijawa kali, mizizi isije ikakauka njiani.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Karibuni bustanini.