Muhtasari wa mazungumzo na wakili, Jumanne 3 Machi 2026

Shangazi, shikamoo.

Nimesikiliza rekodi yote, dakika 52, kisha nikarudia kila sehemu yenye tarehe. Haya ni maneno ya wakili kwa ufupi. Penye maoni yangu nimesema ni yangu. Nimeweka na dakika, ili ukitaka kumsikia mwenyewe usihangaike kutafuta.

La haraka kuliko yote: usisaini ile karatasi ya kampuni, wala usipokee ile hela, kabla hujaongea naye tena. Wanakusubiri Ijumaa hii, 6 Machi.

Tarehe

Ijumaa 6 Machi: mwisho wa kampuni kusubiri jibu lako kuhusu mishahara miwili. Siku hiyo wameiweka wao, si ya kisheria. Wakili anasema ikipita bila wewe kusaini hupotezi haki ya kudai (dakika ya 14).

Jumatatu 9 Machi, saa 4 asubuhi: unapeleka nyaraka ofisini kwake.

Ijumaa 13 Machi: siku anayotaka malalamiko yawe yamefika ofisi ya usuluhishi.

Jumatano 18 Machi: mwisho wenyewe. Ni siku 30 kuanzia 16 Februari, tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kukuachisha. Barua uliipokea tarehe 19, na ukihesabu kuanzia hapo unafika 21 Machi, lakini wakili amekataa kuzitegemea hizo siku tatu. Upande wa pili ukibishia tarehe ya kupokea, kesi itaanza kwa kugombania muda badala ya kazi yako (dakika ya 33).

Hapa naomba unisikilize vizuri. Dakika ya 9 wakili anasema "una kama wiki mbili hivi". Alikuwa anazungumzia muda uliobaki, kwa hiyo hapingani na zile siku 30. Ila dakika ya 47 wewe unasema, "Basi nina mpaka mwisho wa mwezi," na yeye hakukujibu kwa sababu simu yake ilikuwa inaita. Shangazi, huna mpaka mwisho wa mwezi. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na ombi linaweza kukataliwa.

Zile siku 7 za kukata rufaa kwa mkurugenzi zimeshapita. Wakili amesema kwa kesi yako hilo halizuii kufungua malalamiko, ila utaulizwa kwa nini hukukata, kwa hiyo uthibitisho kwamba barua ilikufikia tarehe 19 utahitajika.

Alichokushauri

Kuhusu karatasi ya kampuni alikaa muda mrefu, na mimi nimeisoma tena ile picha uliyonitumia. Juu imeandikwa malipo ya mwisho. Aya ya tatu inasema umepokea stahiki zako zote na hutakuwa na dai lolote dhidi ya kampuni, sasa wala baadaye. Ukisaini hapo, mishahara miwili inakuwa imefunga kila kitu: notisi, likizo ambazo hukuchukua, na fidia kama ikionekana uliachishwa isivyo halali. Kukwepa baadaye ni kugumu, maana utatakiwa kuonyesha kwamba ulilazimishwa au ulidanganywa. Wakikupigia simu, jibu lako liwe moja: "Nashauriana na wakili wangu, atawaandikia." Usianze kujitetea kwenye simu.

Akasema kesi yako ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni sababu. Wanadai mali ilipotea stoo, na ni juu yao kuonyesha kwamba ilipotea kweli na kwamba wewe unahusika. Alishtuka uliposema funguo ziko seti mbili na moja anakaa nayo msimamizi (dakika ya 22). Alikurudisha hapo mara kadhaa. Mguu wa pili ni utaratibu, na huu ndio anaouona wenye nguvu zaidi: uliitwa Ijumaa jioni tarehe 6 Februari, kikao kikawa Jumatatu asubuhi tarehe 9, hukuonyeshwa hesabu ya upotevu, ukakataliwa kuja na mwenzako. Hata kama wangekuwa na sababu, walitakiwa kukupa nafasi ya kweli ya kujitetea.

Hakuahidi ushindi. Alisema kwanza mtakaa kwenye usuluhishi, na kesi nyingi za namna hii zinaishia hapo kwa makubaliano. Alikuuliza unataka kurudi kazini au kulipwa, nawe ukanyamaza. Anahitaji jibu Jumatatu, kwa sababu litaandikwa kwenye fomu. Mimi sitakuchagulia, ila lifikirie kabla ya kwenda, usije ukajibu kwa hasira za siku ile.

Mengine mawili. Usiende kuchukua daftari la stoo, wala usimtume mtu akupigie picha kwa siri. Wakili ataomba kwa maandishi litolewe. Na yule kijana mliyekuwa naye zamu, unaweza kumuuliza kama yuko tayari kuwa shahidi, lakini usimwambie aseme nini.

Nyaraka za kupeleka Jumatatu

Peleka nakala halisi pamoja na kivuli cha kila moja. Halisi atazitazama akurudishie. Barua ya kuachishwa uende nayo ikiwa ndani ya bahasha yake, maana bahasha ndiyo yenye muhuri wa tarehe 19. Usiitupe. Kisha barua ya tuhuma, maelezo uliyoyaandika kujibu, na ile karatasi ya malipo ya mwisho ikiwa haina saini.

Mkataba wa ajira ulisema huuoni. Tafuta tena kwenye lile begi la vyeti. Usipopatikana, barua ya kwanza ya kuajiriwa itasaidia, au kitambulisho cha kazi na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Salari slipu za miezi 12 iliyopita ukizipata zote ni vizuri. Akisema fidia inahesabiwa kwa mshahara wako, ndizo atakazotumia. Fomu za likizo pia, hasa zile zilizokataliwa.

Meseji ya msimamizi ya kukuita kikaoni ni ushahidi mkubwa, kwa sababu inaonyesha siku na saa. Usiifute, usibadilishe simu, na uende na simu yenyewe. Picha ya skrini peke yake inaweza kubishiwa.

Chukua na kitambulisho chako cha uraia.

Kuna vitu viwili sikuvipata kwenye rekodi. Dakika ya 41 kuna kelele za gari. Anazungumzia michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini sikusikia kama unatakiwa kuleta taarifa ya michango au ataiomba yeye. Nimeshampigia karani wake, amesema atamuuliza. La pili ni malipo ya wakili mwenyewe: mlikubaliana kwa mdomo, bila kutaja kama usuluhishi na kesi ni bei moja. Mwombe aandike kabla hujasaini kumpa kazi.

Rekodi usiitume kwenye kundi la familia. Najua wote wanataka kujua, lakini mazungumzo yako na wakili ni siri yako, na ukiyasambaza unaweza kushindwa kuilinda siri hiyo mbele ya kampuni. Wakiuliza, waambie kesi inaandaliwa.

Jumatatu nitakupitia saa 2 na nusu asubuhi. Jumapili jioni nitakuja tupange karatasi pamoja.