RIPOTI KWA MWALIMU MKUU KUHUSU HALI YA MAKTABA YA SHULE NA MAPENDEKEZO YA KUIBORESHA

UTANGULIZI
Tarehe 3 Februari 2025 ulituteua, wanafunzi watano na mwalimu wa maktaba, tuchunguze kwa nini wanafunzi wameihama maktaba. Tulikagua rafu, tukapitia daftari la kuazimia vitabu na kuwahoji wanafunzi wa vidato vyote vinne.

MATOKEO
Tatizo kubwa ni paa. Linavuja juu kabisa ya rafu ya Kiswahili. Kamusi tatu zimeota ukungu, na moja kurasa zake zimegandana hata haifunguki.

Viti ni 24 ilhali wanafunzi ni 412. Isitoshe, maktaba hufungwa saa kumi jioni, dakika ileile masomo yanapokwisha, kwa hivyo hata mwenye hamu hukuta kufuli.

Daftari linaonyesha vitabu 61 vilivyoazimwa mwaka jana havijarudi. Baadhi, tunasema kwa heshima, viko kwa walimu.

MAPENDEKEZO
Paa lizibwe kabla ya mvua za masika. Kununua vitabu vipya kabla ya hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Maktaba ifunguliwe hadi saa kumi na mbili jioni, viranja wakishika zamu.

Fundi wa shule aunde mabenchi manane kwa mbao zilizorundikwa nyuma ya karakana.

Wote wanaodaiwa vitabu wavirudishe au wavilipie kabla ya muhula kufungwa.

Imeandikwa na:
Katibu wa Jopo, Kidato cha Tatu
Tarehe: 14 Februari 2025