Inaita

Igizo fupi la darasa la sita. Linachezwa mbele ya ubao, bila jukwaa.

WAHUSIKA
MWASITI, mwanafunzi. Mama yake anauza mawese sokoni Mwanga.
TAUSI, rafiki yake wa dawati moja.
KIJANA, mpita njia.
MAMA SHABANI, mfanyabiashara wa dagaa.
SAUTI YA MTEJA, asome aliyesimama nyuma ya mlango.
SAUTI YA MWISHO, mtu mwingine, naye nyuma ya mlango.

MAHALI: Njia ya mchanga inayoshuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Saa tisa na nusu alasiri.

VIFAA: Boksi la dawa ya meno lililopakwa wino mweusi ndiyo simu. Gunia lijazwe majani makavu. Kanga moja, mikoba miwili, waya kidogo wa kufungia kiatu cha Tausi.

KWA WAIGIZAJI: Tausi si mtoto mbaya. Anataka kiatu, na kiatu ni haki yake. Ukimcheza kama mwizi umeliua igizo. Mlio wa simu utolewe kwa filimbi, na mpigaji asiwe na haraka ya kunyamaza. Darasa zima lichoke nao kama wanavyochoka hao wawili.

(MWASITI na TAUSI wanaingia. Tausi anachechemea, anasimama, anainama kukaza waya wa kiatu. Akiwa ameinama anaganda.)

TAUSI: Mwasiti. Usiendelee. Rudi hapa.

MWASITI: Waya umekatika tena?

TAUSI: Waya mzima. Tazama chini ya hili jani.

(Anainua simu, anaipangusa mchanga kwa sketi.)

MWASITI: Simu janja! Ya nani?

TAUSI: Ya aliyeiokota.

MWASITI: Tausi!

TAUSI: Mimi nimeuliza njia kama ni yake, haikujibu. (Anabonyeza.) Ina namba ya siri. Chaji asilimia 7. Mbele kuna picha ya mtoto amevaa joho, kofia imemfunika macho.

MWASITI: Huyo kamaliza chekechea. Basi mwenyewe ni mzazi.

TAUSI: Au shangazi. Au babu. Mwasiti, sikiliza. Pale juu kwenye vibanda kuna fundi anayetoa loki. Hata kwa vipuri tu atatupa chochote. Mimi nanunua viatu, wewe unanunua madaftari, imeisha.

MWASITI: Na laini yake?

TAUSI: Tunaitupa majini. Ziwa Tanganyika ni refu, halitakosa pa kuiweka.

MWASITI: Simu ya mama yangu nayo wameitupa majini, siyo?

(Kimya. Tausi anaangalia pembeni.)

TAUSI: Sikusema ya mama yako.

MWASITI: Leo siku ya nne. Ilidondoka pale stendi ya Mwanga akishusha madumu. Ndani ya kava kulikuwa na kitambulisho chake, na namba ya kitambulisho haijui kwa kichwa, ndiyo maana mpaka leo hajarudisha laini. Wateja wa mawese wote wamo mle. Kila jioni anaazima simu kwa jirani anapiga namba yake mwenyewe. Anaambiwa haipatikani. Anasema asante, anarudisha simu ya watu.

TAUSI: Aliyeokota ya mama yako hakurudisha. Kwa nini sisi turudishe ya huyu?

(MWASITI anafungua mdomo kujibu. Hana jibu. Asiharakishe hapa, watazamaji waone kwamba kweli hana.)

(Simu inaita. Wote wawili wanashtuka. Tausi nusura aidondoshe.)

MWASITI: Imeandikwa nani?

TAUSI: "Mteja Tabora".

MWASITI: Pokea.

TAUSI: Pokea wewe!

MWASITI: Si wewe umeishika?

TAUSI: Nikipokea atasema mimi ndiye mwizi. Unamkumbuka yule mtoto wa darasa la tano aliyerudisha pochi? Aliambiwa ilikuwa na hela nyingi zaidi. Akachapwa kwao kwa hela ambazo hajawahi kuziona. Kurudisha nako kuna hatari yake, Mwasiti. Wewe unasema rudisha, rudisha, kama kurudisha sahani ya jirani.

(Mlio unakatika. Kimya. Unaanza tena.)

MWASITI: Anapiga mara mbili mfululizo. Huyo ana shida.

TAUSI: Asilimia 5. Ikizima hakuna wa kutuuliza.

MWASITI: Ndiyo. Ikizima hakuna wa kutuuliza.

(Wanaangaliana. TAUSI, kwa hasira, anapokea na kumsogezea Mwasiti sikioni. Wote wanainamisha vichwa kusikiliza.)

SAUTI YA MTEJA: Mama Shabani! Nakupigia tangu saa nane. Gunia ngapi?

MWASITI: Shikamoo.

SAUTI YA MTEJA: Marahaba. Wewe nani?

MWASITI: Mwanafunzi. Simu tumeiokota njiani, Kibirizi. Hatujaiba.

SAUTI YA MTEJA: Sijasema mmeiba, mwanangu. Mko wangapi?

MWASITI: Wawili.

SAUTI YA MTEJA: Basi nisikilizeni wote wawili. Wiki nzima mbalamwezi imekuwa kali, maboti hayakuvua, hata taa zingewashwa dagaa wasingekuja. Leo ndiyo mzigo wa kwanza. Mwenye simu ni mama wa dagaa, anaanika kwenye chanja za juu. Behewa la mizigo linapakiwa mpaka saa kumi na moja. Bila kujua gunia ngapi mimi situmi hela, na bila hela wapakizi hawagusi mzigo. Mimi niko Tabora, miguu yangu haifiki huko. Yenu...

(Inakatika.)

MWASITI: Halo? Halo?

TAUSI: Mtandao. Asilimia 4.

(KIJANA anaingia taratibu. Amesikia mlio.)

KIJANA: Wadogo zangu, hamjambo?

WOTE: Hatujambo. Shikamoo kaka.

KIJANA: Marahaba. Afadhali nimewakuta. Simu yangu hiyo, nimeitafuta mpaka jasho. Lete.

(MWASITI anashusha pumzi, ananyoosha mkono kwa Tausi aitoe. TAUSI anairudisha nyuma ya mgongo.)

MWASITI: Tausi, mpe basi. Yaishe.

TAUSI: Kaka, simu yako ina rangi gani?

KIJANA: Nyeusi. Si naiona?

TAUSI: Mbele umeweka picha ya nani?

KIJANA: Picha... picha yangu mwenyewe. Nimesimama gati.

TAUSI: Umevaa nini?

KIJANA: Wewe mtoto, unaniuliza kama askari? Lete simu!

TAUSI: Mteja wako wa Tabora anasubiri umwambie gunia ngapi. Mwambie.

(KIJANA anawatazama mmoja mmoja. Anapiga hatua moja mbele.)

MWASITI: (kwa sauti kubwa, kuelekea darasani) Mama Shabani! Mama Shabani wa dagaa!

(KIJANA anasita, anageuka, anatoka. Asikimbie. Aondoke kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.)

MWASITI: Mimi nilikuwa nampa.

TAUSI: Nimekuona.

MWASITI: Wewe uliyetaka kuiuza ndiye umemnyima.

TAUSI: Nilitaka kumuuzia fundi simu isiyo na mtu. Sasa ina mtu. Ina mtoto mwenye kofia kubwa, ina gunia. (Anakaza waya.) Twende chanja za juu. Mbio, nitakufuata na kiatu changu.

(Kabla hawajatoka, MAMA SHABANI anaingia. Kanga imelegea, macho yapo chini, anachambua mchanga kwa mguu.)

MWASITI: Shikamoo mama.

MAMA SHABANI: Marahaba wanangu. Hamjaona... (Anaiona mkononi mwa Tausi.) Hiyo! Nani amewapa? Mmeichukua wapi?

(TAUSI anamwangalia Mwasiti: unaona?)

TAUSI: Chini ya jani, pale. Kabla sijakupa, mama, samahani. Kwenye kioo kuna picha gani?

MAMA SHABANI: Unanihoji? Mimi?

TAUSI: Amekuja kaka mmoja naye kasema yake.

(MAMA SHABANI ananyamaza. Sauti inashuka.)

MAMA SHABANI: Shabani wangu, siku aliyomaliza chekechea. Kofia niliikosea kipimo, ikamziba macho. Picha zote alizopigwa siku ile hana macho.

(TAUSI anampa simu kwa mikono miwili. Inaita papo hapo.)

MAMA SHABANI: Halo! Ndiyo, ni mimi! Kumi na mbili! Kumi na mbili, wamekauka vizuri, wa leo! Tuma sasa hivi, nakimbia stesheni. (Anakata. Anashika kifua.) Mungu wangu. Mungu wangu, wanangu. Nimewapokea vibaya. Nilikuwa nimekwisha.

MWASITI: Si kitu, mama.

MAMA SHABANI: Hela mkononi sina, hela ndiyo hiyo inakuja. Pitieni chanjani kesho mkitoka shule. (Anatazama miguu ya Tausi.) Wewe unavaa namba ngapi?

TAUSI: (haraka) 36. (Kwa aibu.) Lakini sikuuliza, mama.

MAMA SHABANI: Mimi ndiye nimeuliza. Haya, mzigo unanisubiri.

(Anaanza kuondoka. MWASITI anamkimbilia.)

MWASITI: Mama, mimi sitaki kitu. Naomba kupiga namba moja tu.

MAMA SHABANI: Imebaki asilimia 2, mwanangu.

MWASITI: Inatosha. Siku zote haipatikani, haili chaji.

(MAMA SHABANI anafungua loki, anampa. MWASITI anabonyeza namba bila kuangalia popote pa kunakili. Anaijua kwa kichwa. Anaweka sikioni. TAUSI anamkaribia, anaweka sikio upande wa pili.)

TAUSI: Haipatikani?

(MWASITI anainua kidole: subiri. Filimbi inalia, lakini safari hii kwa mbali sana, nyuma ya mlango.)

MWASITI: Inaita.

(Filimbi inalia. Inalia tena. Hakuna anayesogea. MAMA SHABANI, ambaye ana haraka kuliko wote, naye amesimama.)

MWASITI: (kwa kunong'ona) Pokea. Pokea, tafadhali.

(Filimbi inanyamaza.)

SAUTI YA MWISHO: (ya mtoto, kwa woga) Halo?

MWASITI: Halo! Usikate. Sisi pia tulikuwa tunaogopa.

(Taa zizimwe, au mwenye zamu afunge madirisha.)