Maombi ya Kazi ya Afisa Mradi

Mbeya, 12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA AFISA MRADI, MIUNDOMBINU YA SHULE

Naomba nafasi mliyoitangaza. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika sekondari ya serikali, na katibu wa kamati ya ujenzi ya shule.

Kwa utaratibu wa force akaunti tulijenga madarasa mawili na matundu sita ya vyoo. Niliandaa mpango kazi wa wiki 14: msingi, kuta, lenta, kupaua, umaliziaji. Fundi alilipwa kila hatua baada tu ya mhandisi wa halmashauri kukagua. Miradi hii hukwama vifaa vinapofika nje ya mpangilio: saruji ikiletwa yote mapema huganda stoo, nondo zikichelewa mafundi hukaa bure. Kwa hiyo saruji niliiagiza kwa awamu, na kila mzigo ulihakikiwa na kamati ya mapokezi kabla ya kuingizwa kwenye leja.

Cheti cha usimamizi wa miradi bado sina, ninakisomea jioni. Naweza kuanza mwezi mmoja baada ya kupokea barua ya ajira. Nimeambatisha wasifu, vyeti na mfano wa mpango kazi huo.

Wako mtiifu,
Mwl. Neema