Je, kosaini inapuuza urefu wa vekta? Maelezo ya mwanafunzi kwa wenzake

Wenzangu wa kundi la Jumamosi, swali lililobaki ubaoni lilikuwa hili: tukipima ufanano wa maandishi mawili kwa kosaini ya pembe iliyo kati ya vekta zake, je, kosaini inapuuza urefu wa vekta? Nilipewa kazi ya kulijibu kwa maandishi, nami bado najifunza kama ninyi, kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua na kila namba mnaweza kuihakiki kwa kalamu.

Jibu ni ndiyo, kosaini inapuuza urefu. Inaupuuza wote, tena kihesabu kabisa, si kwa kukadiria. Lakini ahadi hiyo ni ya fomula peke yake. Urefu unaweza kuwa umeshafanya kazi yake kabla fomula haijaguswa, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza tukubaliane urefu upi tunaousema. Vekta tulizosoma kidato cha nne zilikuwa na namba mbili. Urefu wake ni ule wa Pithagorasi: unapandisha kila namba kwa kipeo cha pili, unajumlisha, unatoa kipeuo cha pili. Vekta ya maandishi ni ileile, ila ina namba nyingi zaidi. Modeli ya `multilingual-e5-small` inatoa namba 384 kwa kila andiko, na `multilingual-e5-base` inatoa 768. Hizo 384 ni idadi ya namba tu, wala si urefu ninaouzungumzia. Na andiko lenyewe kuwa la mstari mmoja au la aya nzima ni jambo la tatu, tutalifikia. Jumamosi tulibishana karibu saa nzima kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake kichwani.

Fomula ni hii:

```
cos(a, b) = (a · b) / (|a| × |b|)
```

Juu kuna zidisho la nukta: namba ya kwanza ya `a` mara namba ya kwanza ya `b`, ya pili mara ya pili, mpaka mwisho, kisha unajumlisha. Chini kuna urefu wa moja mara urefu wa nyingine. Sasa chukua `a` uizidishe yote kwa 7. Zidisho la juu linakuwa mara 7. Urefu wa `a` kule chini nao unakuwa mara 7. Saba inakata saba. Uthibitisho umeisha, na haukuuliza kama vekta ina namba 2 au 384.

Tuone kwa namba. A ni (3, 4), urefu wake 5. B ni (6, 8), yaani A mara mbili, urefu wake 10. C ni (4, 3), urefu wake 5.

```python
import numpy as np

def kosaini(a, b):
    return a @ b / (np.linalg.norm(a) * np.linalg.norm(b))

A = np.array([3.0, 4.0])
B = 2 * A
C = np.array([4.0, 3.0])

print(kosaini(A, C), kosaini(B, C))   # 0.96 0.96
print(kosaini(A, B))                  # 1.0
print(A @ A, A @ B)                   # 25.0 50.0
print(np.linalg.norm(A - B), np.linalg.norm(A - C))  # 5.0 1.414...
```

Mstari wa kwanza wa majibu ndio swali letu: A na B zote zinapata 0.96 mbele ya C, ingawa moja ni ndefu mara mbili. Ni kama mabasi mawili yaliyotoka Dar kwa barabara ya Morogoro, moja likaishia Kibaha na jingine likaishia Chalinze: ukiuliza yameelekea wapi, yote magharibi.

Mistari miwili ya mwisho inanivutia zaidi. Kwa zidisho la nukta bila kugawanya, A inafanana na B (50) kuliko inavyofanana na nafsi yake (25). Haiingii akilini kama kipimo cha ufanano, lakini ndivyo kinavyokwenda chombo kisichofuta urefu: aliye mrefu anapata alama za bure. Kwa umbali wa kawaida, mambo yanageuka: C iko karibu na A (1.41 hivi) kuliko B (5). Vekta zilezile tatu, na jirani wa A anabadilika kulingana na kipimo ulichoshika. Kosaini inasema ni B. Umbali unasema ni C.

Kuna mipaka miwili ya kutaja haraka. Ukizidisha kwa namba hasi, vekta inageuka nyuma, na 0.96 inakuwa -0.96, kinachopuuzwa ni kuzidisha kwa namba chanya. Na vekta yenye sifuri tupu haina mwelekeo, kwa hiyo kule chini unagawanya kwa sifuri: msimbo wangu hapo juu utatoa `nan`, wakati `cosine_similarity` ya maktaba ya `scikit-learn` inarudisha 0. Kwa modeli za leo vekta ya sifuri ni nadra. Kwa vekta za kuhesabu maneno hutokea kirahisi, pale ambapo swali la mtumiaji halina hata neno moja lililomo kwenye orodha yako.

Nikishataja kuhesabu maneno, huko ndiko tabia hii ilikopata umaarufu katika kazi ya kutafuta nyaraka. Gerard Salton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walizieneza vekta za nyaraka miaka ya 1970. Ukiwa na waraka uliotengenezwa kwa kuhesabu maneno, kisha ukaunakili mara mbili ndani ya faili moja, kila hesabu inaongezeka mara mbili, mwelekeo unabaki, na kosaini kati ya waraka wa awali na ule uliorudufiwa ni 1. Hapo urefu wa vekta unakwenda pamoja na urefu wa maandishi, na kuufuta ni kuzuia nyaraka ndefu zisishinde kwa wingi wa maneno tu.

Wengi wetu tulibeba picha hiyo mpaka kwenye modeli za sasa, na huko haifai. Modeli ya neva haihesabu maneno. Mpe "Nimepoteza laini, nifanyeje?" halafu mpe sentensi hiyohiyo mara mbili mfululizo, hutapata vekta ya kwanza iliyozidishwa kwa mbili. Kila kipande cha neno kinasomwa pamoja na majirani zake na nafasi yake, kwa hiyo kurudia kunaweza kuusogeza mwelekeo wenyewe. Andiko refu zaidi linakatwa: kwa `multilingual-e5-small` vipande vinavyozidi 512 havisomwi. Kwa hiyo mtu akisema "kosaini inapuuza urefu, basi aya na sentensi zitalinganishwa kwa haki", hajathibitisha kitu. Kilichopuuzwa ni urefu wa mshale. Aya yenye mada tatu itakuwa na mwelekeo uliochanganyika, na kosaini inauona mchanganyiko huo vizuri tu.

Sasa lile nililosema nitakaa nalo. Tuseme una maelezo ya huduma yenye sentensi mbili, na unataka vekta moja ya maelezo yote. Njia ya kawaida ni kuchukua wastani wa vekta za sentensi. Sentensi ya kwanza ni (6, 0), ya pili ni (0, 2). Jumla ni (6, 2), wastani ni (3, 1). Kwa kosaini, jumla na wastani ni kitu kimoja, maana kugawanya kwa 2 ni kubadili urefu tu. Hadi hapo raha.

Pima sasa na swali la mtumiaji, (1, 0). Kosaini ni 6 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 40, yaani 0.95 hivi. Rudi nyuma, uifanye kila sentensi iwe na urefu wa 1 kabla ya kujumlisha: (1, 0) na (0, 1), jumla (1, 1). Kosaini na swali lilelile sasa ni 0.71 hivi. Sentensi ni zilezile na pembe zao ni zilezile, lakini jibu limetoka 0.95 hadi 0.71. Sentensi yenye vekta ndefu iliivuta jumla upande wake, na urefu wake ukageuka kuwa mwelekeo. Kosaini iliyokuja baadaye haina namna ya kuutoa. Inafuta urefu wa vekta iliyopewa, haijui chochote kuhusu zile zilizochanganywa kuitengeneza.

Jambo hilohilo linatokea ndani ya modeli. Familia ya E5 hupata vekta ya andiko kwa wastani wa vekta za vipande vya maneno. Kipande chenye vekta ndefu kuliko wenzake kina sauti kubwa kwenye wastani huo. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Urefu umepuuzwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho?", mimi nitajibu hapana. Akiuliza, "Urefu wa hizi vekta mbili ninazozilinganisha sasa?", nitajibu ndiyo bila kusita.

Upande wa utendaji, mtaona programu nyingi zinatumia zidisho la nukta na bado waandishi wake wanasema wametumia kosaini. Hawadanganyi ikiwa kila vekta ina urefu wa 1, kwa sababu chini ya fomula panabaki 1 mara 1. Katika maktaba ya `sentence-transformers` unaweka `normalize_embeddings=True`. Kwa urefu huo hata umbali unakubaliana na kosaini kwa mpangilio, maana kipeo cha pili cha umbali ni `2 - 2 × cos`: kosaini ikipanda, umbali unashuka, na ule ugomvi wa B na C unakwisha.

Hatari iko pale vekta moja inapoponyoka. Chukua (0.6, 0.64, 0.48), urefu wake ni 1 kamili. Ikate namba ya mwisho kuokoa nafasi, urefu unashuka hadi 0.88 hivi. Kosaini itagawanya kwa urefu huo mpya, lakini zidisho la nukta litaendelea kana kwamba ni 1. Kwenye `pgvector`, nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL ya kutunza na kutafuta vekta, tofauti hiyo ni ya alama moja: `<=>` ni umbali wa kosaini, `<#>` ni zidisho la nukta lililogeuzwa kuwa hasi. Kwa mradi wetu wa maswali ya wateja nimependekeza tuanze na `<=>`, halafu tuendeshe mistari hii miwili kwenye vekta zote kabla ya kufikiria kuhamia kwenye `<#>`:

```python
urefu = np.linalg.norm(vekta_zote, axis=1)
print(urefu.min(), urefu.max())
```

Zote mbili zikisoma 1, ukiacha videsimali vya mwisho vinavyocheza, tunaweza kuhama na mpangilio wa majibu hautabadilika. Zisiposoma 1, tunabaki na `<=>` na tunatafuta ni hatua gani iliyozikata au kuzichanganya.